Uzi, Rula na Kivuli: Andalio la Somo la Kupima Picha kwa Kidato cha Tatu

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi kutofautisha picha iliyopigwa kwa kamera na picha iliyozalishwa na akili mnemba huanza, mara nyingi, kwa kukusanya picha mtandaoni: chache zinazosemekana kuwa za kweli na chache zinazosemekana kuwa za kubuni. Somo huharibika hapo hapo, kwa sababu picha ambayo mwalimu mwenyewe hajui ilikotoka haiwezi kuwa na jibu sahihi, na mwanafunzi akibisha, mwalimu hana cha kumwonyesha. Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na andalio ninaloeleza hapa limejengwa juu ya kanuni moja, kwamba kila picha itakayowekwa mbele ya wanafunzi iwe imepigwa nami au imezalishwa nami. Kwa kila picha ninayopiga ninaandika kwenye daftari mahali, saa na upande niliokuwa nimeuelekea. Kwa kila picha ya kubuni ninahifadhi maelezo niliyoipa mashine.

Kazi ya kuandaa seti ya picha ni kubwa kuliko somo lenyewe, na ndiyo ninayopenda kuisisitiza kwa walimu wenzangu. Tuseme picha za kweli zote ni za mwalo wa Kibirizi, zimepigwa kwa simu ya bei nafuu, na zina ukungu kidogo, ilhali picha za kubuni zote ni za sura za watu wenye ngozi laini na mwanga mzuri. Darasa litapata alama za juu sana, nalo litakuwa limejifunza kutenganisha picha kali na picha hafifu tu. Kwa hiyo kila picha ya kweli ninaitafutia mwenzake. Nikipiga vichanja vya kuanikia dagaa kule Katonga, ninaiagiza mashine inizalishie vichanja vya kuanikia dagaa ufukweni, asubuhi, jua likiwa upande wa kushoto. Nikipiga michikichi kando ya barabara, ninaagiza michikichi kando ya barabara. Kisha zote ninazikata ziwe na umbo moja, kwa kuwa mashine nyingi hutoa picha za mraba na simu kwa kawaida haitoi hivyo, na ninazipitisha zote kwenye WhatsApp kabla ya kuzichapisha, ili ubora wake upunguzwe kwa namna moja. Nakala halisi za faili ninazibakiza pembeni, kwa sababu zitahitajika katika kipindi cha mwisho.

Seti yangu ina picha 12, na idadi ya za kweli si sawa na ya za kubuni. Wanafunzi wakijua kuwa ni sita kwa sita watahesabu badala ya kutazama: mwenye saba upande mmoja atahamisha moja ili mizani ikae sawa. Kwa hiyo hawaambiwi idadi, na mwaka unaofuata idadi hubadilishwa, maana habari za mtihani husafiri kutoka darasa moja hadi jingine. Picha huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya A4, moja kwa kila ukurasa, nazo hupewa namba. Shule isiyo na printa inaweza kuzichapisha kwenye duka la steshenari, na seti moja hutumika kwa mikondo yote ya kidato iwapo wanafunzi watachora juu ya karatasi nyembamba ya kunakilia.

Somo huchukua vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, na kipindi kimoja cha dakika 40 siku nyingine. Linakaa vizuri baada ya mada ya kusoma na kufasiri picha, ambayo sisi walimu wa Jiografia tumeizoea.

Hatua ya kwanza ni ya macho peke yake, nayo haizidi dakika 15. Makundi ya wanafunzi wanne wanne huzungusha picha, na kila kundi huandika kwa kila namba neno moja kati ya matatu: kamera, mashine, au haitoshi. Neno hilo la tatu lazima liwepo tangu mwanzo, kwa sababu mwanafunzi aliyezoeshwa kuchagua kati ya mawili atakisia, kisha atautetea ukisio wake kana kwamba aliujua. Pembeni ya jibu huandikwa sababu katika sentensi moja kamili. Ninapokusanya sababu hizo ubaoni, zile zile hurudi kila mara: vidole ni vingi, maandishi kwenye kibao hayasomeki, uso ni laini mno, picha ni nzuri kupita kiasi.

Sababu hizo ninazichukua moja moja bila kuzidharau. Vidole vya ziada vilikuwa dalili nzuri mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, na mashine za sasa huvikosea mara chache zaidi. Maandishi yaliyovurugika hupatikana pia katika picha ya kweli, kwa sababu kubana faili na programu ya simu ya kunoa picha huzibadili herufi ndogo za mbali zikawa mistari isiyosomeka. Katika seti yangu kuna picha ya kweli ya mtumbwi wenye jina ubavuni, lililovurugwa hivyo hivyo, na karibu kila kundi huipeleka upande wa mashine. Ama hoja ya uzuri kupita kiasi, hapo ninawaeleza visa viwili vya mashindano ya picha. Aprili 2023 mpiga picha Mjerumani, Boris Eldagsen, aliikataa tuzo ya kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards baada ya kueleza kuwa picha yake ilikuwa imezalishwa na mashine. Mwaka uliofuata Miles Astray alifanya kinyume chake: aliingiza picha ya kweli ya ndege aina ya heroe, ambaye kichwa hakionekani kwa kuwa alikuwa amekiinamisha kujikuna, katika kipengele cha picha za akili mnemba cha mashindano ya 1839 Awards. Majaji wakaipa nafasi ya tatu na kura za umma zikaipa ushindi, kisha ikaondolewa alipofichua kuwa ni ya kamera. Ninawauliza wanafunzi ni kosa lipi kati ya hayo mawili linalomdhuru mtu zaidi, kuamini picha ya kubuni au kumkana mtu aliyeshuhudia jambo na kulipiga picha. Mjadala huo sijauona ukipoa kabla ya muda wake, nami huukata nikiona dakika zimekwisha.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo, na inahitaji vitu vya duka la kawaida: karatasi ya manila, gundi, rula, penseli iliyochongwa vizuri, pini na uzi mwembamba wa kushonea. Ni kipimo cha vivuli. Siku iliyotangulia ninatoka uwanjani na kundi dogo tukiwa na vigingi vitatu vya urefu usiolingana, tunavisimika kwenye jua, na mwanafunzi mmoja anapiga picha akielekea upande wa jua bila jua lenyewe kuingia kwenye fremu. Darasani, kabla ya kugusa seti, ninawauliza wote swali moja: ncha ya kigingi hiki imetupa kivuli chake wapi? Wanaonyesha ncha ya kivuli. Mwale wa jua uliogusa ncha ya kigingi na kwenda hadi ncha ya kivuli ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka duniani hubaki umenyooka kwenye picha. Miale ya jua, kwa umbali wake, inakuja sambamba. Mistari iliyo sambamba, ikichorwa kwenye picha, huelekea nukta moja, kama reli za stesheni yetu zinavyoonekana kukutana kwa mbali. Basi mistari yote inayounganisha ncha za vitu na ncha za vivuli vyake, ikirefushwa, lazima ikutane mahali pamoja, na mahali hapo ndipo jua lilipo kwenye picha, hata kama ni nje ya karatasi.

Picha ya vigingi huchapishwa kabla ya kipindi, kisha hubandikwa katikati ya manila ili pawe na nafasi ya kurefusha mistari. Pini huchomekwa kwenye ncha ya kivuli, uzi hupitishwa juu ya ncha ya kigingi na kuvutwa hadi pembezoni mwa manila. Uzi wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Nyuzi zikikutana juu ya karatasi, mahali pasipo na kitu, darasa huwa limelipata jua lisiloonekana kwenye picha, na hapo ndipo mwanafunzi anapoamini kuwa kipimo kina msingi. Mambo mawili huongezwa papo hapo. Jua likiwa nyuma ya mpigaji, nyuzi hukutana upande wa chini, pale ambapo kivuli cha kichwa cha mpigaji kingeangukia. Jua likiwa ubavuni kabisa, nyuzi hubaki karibu sambamba na hazikutani ndani ya manila. Hali zote tatu ni sahihi. Kinachotafutwa ni kwamba zote zikubaliane.

Saa ya kupiga picha ina umuhimu wake hapa Kigoma. Tuko karibu na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ilhali saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45. Tofauti ni nyuzi 15, na kwa hesabu ya nyuzi 15 kwa saa moja, jua letu hufika juu kabisa karibu saa saba mchana badala ya saa sita. Tuko pia karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa saba linasimama utosini na kigingi hakina kivuli cha kupima. Picha za somo hili zipigwe kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Kivuli kifupi ni adui wa kipimo, kwa sababu pini ikikosewa kwa milimita moja kwenye kivuli chenye urefu wa sentimita moja, mstari unaorefushwa sentimita 30 utakuwa umepotea kwa sentimita tatu.

Sasa makundi hurudi kwenye seti. Picha ninayoiandaa ili ichambuliwe na darasa zima ni picha namba 7, vichanja vya dagaa ufukweni, iliyozalishwa na mashine. Kwa macho ilikuwa imewapita wengi: mchanga ni wa kweli kwa kila namna, dagaa wametandazwa bila kurundikana, na kila nguzo ina kivuli. Nguzo mbili za kichanja cha mbele hutoa nyuzi zinazokutana juu kushoto, nje kidogo ya picha. Nguzo ya kichanja cha nyuma hutoa uzi unaopita mbali na hapo, lakini si mbali sana, na hapa ninawazuia wasikimbilie hukumu. Mtumbwi uliopandishwa mchangani upande wa kulia una omo iliyochongoka na kivuli chenye ncha iliyo wazi, na uzi wake unaelekea juu kulia. Hakuna jua moja linaloweza kuzalisha kivuli cha nguzo za mbele na kivuli cha omo hiyo kwa pamoja.

Uzi wa nguzo ya nyuma ndio wenye mafunzo zaidi. Kundi moja linaweza kusema umekosea, jingine likasema umepatia, kwa sababu kivuli cha nguzo hiyo kinaishia penye nyasi na ncha yake haionekani vizuri. Badala ya kubishana, tunakubali kutojua kwetu na kukupima. Tunachagua kipande cha kivuli ambacho tuna hakika ni cha nguzo hiyo, tunachomeka pini moja hapo, kisha tunavuta nyuzi mbili: moja inapita mwisho wa chini wa sehemu ya nguzo inayoweza kuwa imetupa kipande hicho, nyingine inapita mwisho wa juu. Jua lazima liwe ndani ya eneo lililo kati ya nyuzi hizo mbili. Eneo linapakwa penseli kidogo. Tukifanya hivyo kwa kila kitu, swali hubadilika kutoka mahali nyuzi zilipokutana na kuwa hili: je, ipo sehemu yoyote ya manila iliyomo ndani ya maeneo yote? Katika picha namba 7 nguzo ya nyuma ina eneo pana linaloifikia ile nukta ya juu kushoto, kwa hiyo haina hatia. Omo ya mtumbwi, hata tukiipa eneo pana kadiri tuwezavyo kuitetea, haifiki. Mwanafunzi anayejifunza kumpa mshtakiwa nafasi yote anayostahili kabla ya kumhukumu amejifunza kazi yenyewe, na sehemu hii ya somo siikatizi hata muda ukibana.

Wanafunzi huuliza kwa nini mashine ikosee jambo hili huku ikiweza kuchora mchanga na dagaa kwa uangalifu wote huo. Ninawajibu kwamba mashine ya aina hii haijengi ufukwe wenye jua moja kisha ikakokotoa kila mwale utakapoangukia. Imejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno jinsi vitu vinavyoonekana vikiwa pamoja, na imejifunza kwamba chini ya nguzo huwa na utepe mweusi. Kila kivuli kinaweza kufanana na kivuli pale kilipo, bila kuwepo kitu cha kuvilazimisha vyote vikubaliane. Macho yetu nayo ni dhaifu katika jambo hilo hilo: tunaona kwamba kivuli kipo na tunaridhika. Ndiyo maana uzi unahitajika. Ninaongeza kwamba mashine zinaboreshwa, na kwamba katika seti hii hii picha namba 4, michikichi kando ya barabara, ni ya kubuni na nyuzi zake zinakubaliana vizuri kabisa.

Picha namba 4 ndiyo inayotuingiza kwenye mjadala wa mipaka. Ubaoni ninachora safu mbili kwa kila kipimo. Ya kwanza inauliza: kipimo kikikamata kosa, tumejua nini? Ya pili inauliza: kisipokamata, tumejua nini? Kwa vivuli, safu ya pili inabaki karibu tupu. Nyuzi zikikubaliana, kilichojulikana ni kwamba kosa hili moja halikuonekana, kwa vitu vile vichache tulivyovipima. Picha ya siku ya mawingu haiwezi kupimwa kabisa, na mwanafunzi anayeandika "kamera" kwa sababu hakupata kosa kwenye picha isiyo na vivuli amekosea hoja hata kama jibu ni sahihi.

Safu ya kwanza inaonekana kuwa na nguvu, kwa hiyo ninaitikisa kwa zoezi. Kundi moja linapewa kazi ya kutengeneza picha ya kweli itakayofeli kipimo. Njia ya kwanza ni kupiga vitu viwili ndani ya chumba chenye taa mbili: kila kitu kitakuwa na vivuli viwili, na anayeunganisha kivuli cha taa moja na kile cha taa nyingine atapata nyuzi zisizokutana. Njia ya pili ni picha ya mapana, ile inayopigwa kwa kuizungusha simu taratibu. Mistari iliyonyooka uwanjani hupinda ndani yake, na nyuzi hazikutani popote. Njia ya tatu ni lenzi pana ya simu, ambayo pembezoni huvuta vitu na kuvipinda, ingawa programu nyingi za simu hujaribu kurekebisha. Njia ya nne ni kubandika: mwanafunzi anakata mtu kutoka picha moja ya kweli na kumweka katika picha nyingine ya kweli. Nyuzi zitamkamata, lakini hakuna mashine ya kuzalisha picha iliyohusika. Baada ya zoezi hilo safu ya kwanza ya vivuli huandikwa upya kwa maneno ya wanafunzi wenyewe, na kwa kawaida huwa hivi: nyuzi zikikataa kukubaliana, na tuna hakika kwamba mwanga ulikuwa mmoja, lenzi haikupinda na ncha zimeoanishwa sawasawa, basi picha hii haikupatikana kwa kupigwa mara moja. Sentensi hiyo haitaji mashine popote, nami ninaiacha hivyo.

Kipindi cha tatu, siku nyingine, kinashughulikia taarifa zilizomo ndani ya faili. Kinahitaji kompyuta moja na projekta, na hakihitaji intaneti kwa sababu programu ya `exiftool` hufanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe. Ninafungua nakala halisi ya picha ya kweli:

```
exiftool picha03.jpg
```

Inatokea orodha ndefu. Wanafunzi wanatafuta mistari michache: `Camera Model Name`, `Date/Time Original`, `Exposure Time`, na `GPS Position` ikiwa simu iliruhusiwa kurekodi mahali. Tunalinganisha na daftari langu, nayo inalingana. Kisha ninafungua picha ile ile iliyopita WhatsApp, na mistari hiyo yote haipo, kwa sababu huduma hiyo huondoa taarifa hizo picha inapotumwa kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama hati, hubaki. Kwa hiyo picha isiyo na taarifa haituambii lolote kuhusu asili yake, na kwa kuwa picha nyingi zinazozunguka Kigoma zimepita njia hiyo, kipimo hiki huishia mikononi mwetu mara nyingi bila jibu.

Upande wa pili, baadhi ya mashine za kuzalisha picha huandika ndani ya faili tamko la wazi, kwa mfano mstari wa `Digital Source Type` wenye neno `trainedAlgorithmicMedia`. Tamko hilo likipatikana ni dalili nzuri, maana ni nadra mtu kuwa na sababu ya kuitangaza picha yake ya kweli kuwa ya mashine. Lakini kupiga picha ya kioo cha kompyuta au kuinakili skrini kunaliondoa tamko hilo mara moja.

Halafu linakuja zoezi linalowashtua zaidi. Mwanafunzi anachukua simu, anazima taa za chumba, na anapiga picha ya projekta inayoonyesha picha namba 7, ile ya kubuni. Faili jipya linaingizwa kwenye kompyuta na kusomwa. Lina jina la simu ya kweli, tarehe ya leo, muda wa kufungua lenzi, na hata mahali pa shule yetu. Hakuna hata mstari mmoja wa uongo ndani yake: simu hiyo kweli ilipiga picha, leo, hapa. Kisha ninawaonyesha kwamba mstari wenyewe unaweza pia kuandikwa na mtu yeyote:

```
exiftool -DateTimeOriginal="2019:04:12 09:30:00" picha03.jpg
```

Ninapoifungua tena picha namba 3, inasema ilipigwa mwaka 2019. Wapo walimu wanaosita kuonyesha amri hii, nami ninaelewa kusita kwao, lakini mwanafunzi asiyejua kwamba tarehe ya faili inaandikika kwa mstari mmoja ataiamini kuliko anavyoamini macho yake.

Dakika za mwisho ninazitumia kwa picha moja iliyobaki pembeni, isiyo na namba. Ni ya Kibirizi: mitumbwi, maji, na jua likiwa chini juu ya ziwa. Chini yake nimeandika maelezo, "Kibirizi, saa mbili asubuhi". Makundi huanza kutafuta vivuli na kuuliza habari za faili, mpaka mtu mmoja, mara nyingi mtoto wa mvuvi, aseme kwamba jua halichomozi ziwani. Ziwa Tanganyika liko magharibi mwetu. Saa mbili asubuhi jua liko nyuma ya mtu anayetazama maji, na jua lililo chini juu ya ziwa, upande wa milima ya Kongo, ni jua la jioni. Darasa linapiga kelele kwamba picha ni ya mashine. Ninafungua daftari: nimeipiga mimi, kwa simu, jioni. Kilichokuwa cha uongo ni maelezo niliyoyaandika chini yake.

Ninaliweka jambo hili mwisho kwa kusudi, kwa sababu picha nyingi zinazopotosha watu hazikuzalishwa na mashine yoyote. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia kwenye nyumba na miundombinu ya kando, picha za kweli za mafuriko ya mahali pengine zingeweza kupewa jina la Kibirizi au Katonga bila kubadilishwa hata nukta moja, na vipimo vyetu vya vivuli na vya faili vingezipitisha zote. Picha ya namna hiyo inapimwa kwa maswali mengine: nani ameituma kwanza, iliwahi kuonekana lini kabla ya hapo, na je, mlima, mnara au paa linaloonekana nyuma lipo kweli mahali panapotajwa. Wanafunzi wa hapa wana faida kubwa katika swali la mwisho, kwa kuwa wanaijua pwani yao kuliko mhariri yeyote wa Dar es Salaam, na kazi ya nyumbani ninayowapa ni kuchagua mahali pamoja wanapopajua na kuorodhesha vitu vitano visivyohamishika ambavyo picha ya kweli ya mahali hapo, ikipigwa kutoka upande fulani, lazima ivionyeshe.

Katika kusahihisha, jibu lenyewe lina alama moja kati ya tano kwa kila picha. Alama mbili ni za kutaja kipimo kilichotumika na nukta zilizopimwa, kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuzichomeka pini upya. Mbili zilizobaki ni za kusema kipimo hicho kimeacha nini bila kujibiwa. Aliyeandika "haitoshi" kwa picha ya mawingu, akaeleza kwamba hakuna kivuli chenye ncha na kwamba faili limepita WhatsApp, hupata tano. Aliyeandika "kamera" kwa picha hiyo hiyo, akapatia, na sababu yake ikawa kwamba haoni kosa, hupata moja.